Msaada: ukurasa wa malipo wote ni Kituruki, nashindwa kusitisha makato ya kila mwezi

BintiTabata
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni mnisaidie kabla ya tarehe 14.

Mama yangu ni mpenzi wa tamthilia za Kituruki. Tarehe 7 Machi mdogo wangu alimwekea programu ya tamthilia kwenye kishikwambi chake, ile ya siku 7 za bure, akajaza kadi yangu ya benki. Kujiunga kulikuwa rahisi, ukurasa wa kujaza kadi ulikuwa na Kiingereza. Tarehe 14 Machi wakakata 149,99 TL, kwa shilingi ni elfu kumi na kitu. Aprili wakakata tena. Mama alikuwa ameshaacha kuitazama kwa sababu haina tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo nikaifuta. Mei 14 wakakata vilevile.

Nimeirudisha, nikaingia sehemu ya akaunti, na kila kilichoandikwa humo ni Kituruki. Nimehangaika hadi nikapata kitufe kinachoonekana ni cha kusitisha, likatokea dirisha dogo lenye maswali, nikabonyeza, likaondoka. Nikajua nimemaliza. Leo nimeingia tena nakuta ukurasa uko vilevile, na tarehe 14.06 imeandikwa pale pale. Leo ni tarehe 10. Nifanyeje?

MzeeKigamboni
Pole binti. Hao ni wale wanaotuma ujumbe wa nyimbo na mawaidha, unajikuta umejiunga bila kujua. Mimi walinila salio miezi minne. Ukipokea ujumbe wao, jibu neno ONDOA kwenye namba ileile fupi, na ukishindwa piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wakutoe.

BintiTabata
Shikamoo mzee. Ahsante, ila hii haikati salio la simu, inakata kwenye kadi ya benki. Hakuna namba fupi.

MzeeKigamboni
Marahaba. Basi hapo nawaachia vijana.

FundiMsimbazi
Dada, usihangaike na hicho Kituruki kabisa. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia "Malipo na usajili", halafu "Usajili". Utaikuta hapo, gusa "Ghairi usajili". Play Store inafuata lugha ya simu yako, kwa hiyo yote utayasoma kwa Kiswahili. Na kwa faida ya wengine: kufuta programu hakusitishi malipo. Kila wiki hapa dukani napokea mtu aliyefuta akidhani yameisha.

BintiTabata
Nimeingia Fundi. Pale kwenye Usajili panasema sina chochote.

FundiMsimbazi
Basi kuna akaunti mbili kwenye hicho kishikwambi. Usajili unakaa kwenye barua pepe iliyonunulia. Badilisha akaunti hapohapo kwenye picha, angalia na ya mdogo wako.

BintiTabata
Nimeangalia ya mama, ya mdogo wangu na yangu. Zote tupu.

KakaAnkara
Dada, kabla ya kubonyeza kitu kingine, fungua ujumbe wa benki wa tarehe 14 Mei. Jina la aliyekata limeandikwaje? Usiliweke hapa, niambie tu linaanza na neno gani.

BintiTabata
Linaanza na jina la hiyo kampuni, halafu ISTANBUL, halafu TR.

KakaAnkara
Hapo ndipo pa kuanzia. Nimesoma Ankara miaka minne, na sasa kazi yangu iko kwenye malipo ya kadi, kwa hiyo nitakueleza nilivyozoea kuona.

Aliyoeleza Fundi ni sahihi pale ambapo mkataji ni duka la programu. Ingekuwa Google, ujumbe wa benki ungeanza na GOOGLE, na kwenye barua pepe mngekuwa na risiti yenye namba inayoanza na GPA. Ingekuwa iPhone, ungesoma APPLE.COM/BILL, na ungeingia kwenye mipangilio ya simu, ukagusa jina lako, ukakuta usajili wote pale. Kwako kadi ilijazwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kampuni, kwa hiyo Google hawana hata habari kwamba unalipa. Mlango wa kutokea ni huohuo mdogo wako alioingilia.

Swali la pili: kishikwambi cha mama kimewekwa lugha gani?

BintiTabata
Kiswahili. Nilimwekea mimi ili asipate shida.

KakaAnkara
Nilihisi hivyo. Programu inapofunguliwa, Android huangalia lugha uliyochagua, na kama programu haina lugha hiyo, inaangukia lugha mama ya aliyeitengeneza, ambayo hapa ni Kituruki. Mama hakuwahi kuchagua Kituruki popote. Amechagua Kiswahili, na programu haikijui.

Tangu Android 7.0 unaweza kupanga lugha zaidi ya moja kwa foleni. Nenda mipangilio ya lugha, acha Kiswahili kiwe cha kwanza, ongeza Kiingereza kiwe cha pili. Kama programu ina Kiingereza ndani, itakichukua badala ya kuangukia Kituruki, na simu yenyewe itabaki Kiswahili kwa mama. Jaribu, kisha uniambie kipi kimebadilika na kipi hakikubadilika.

BintiTabata
Kaka, nimefanya. Menyu za mwanzo zimekuwa Kiingereza kweli! Ila nikigusa sehemu ya akaunti na malipo, narudi kwenye Kituruki kilekile.

KakaAnkara
Ukiangalia vizuri, ukurasa huo unachelewa kidogo kufunguka na maandishi yake yana sura tofauti na mengine, sivyo? Huo ni ukurasa wa tovuti uliopachikwa ndani ya programu. Kampuni nyingi hujenga malipo upande wa tovuti, na lugha yake hufuata akaunti au nchi waliyoisajili wao. Simu yako haina sauti hapo.

Kwa hiyo ufungue tovuti yao kwenye Chrome, uingie kwa barua pepe ileile. Angalia anwani juu: kama ina `/tr/`, weka `/en/` mahali pake ujaribu. Ikikataa, itabidi tusome Kituruki, na si kingi, maneno kama kumi tu.

NuruMbagala
Naingilia kidogo kwa sababu nilipitia haya mwaka jana, programu nyingine ya tamthilia. Mimi nilielekezea kamera ya kutafsiri. Kwenye lile dirisha dogo kulikuwa na vitufe viwili, kimoja kikaletwa "kata tamaa". Nikasema sawa, hicho ndicho, nakata tamaa na hiki kifurushi. Nikabonyeza. Nikaendelea kukatwa miezi miwili.

KakaAnkara
Nuru, umeleta kiini chenyewe. Kitufe hicho kiliandikwa "Vazgeç", herufi ya mwisho inasomwa kama "ch" yetu. Maana yake ya kamusi ni kuacha jambo, kukata tamaa. Lakini kwenye dirisha hilo maana yake ni "nimeghairi": nimeghairi kusitisha, nirudishe nilipokuwa. Ndiyo kile kile "Ghairi" tunachokiona kwenye simu za Kiswahili pale unapoulizwa "Ungependa kufuta picha hii?" Ukigusa Ghairi, picha inabaki.

BintiTabata, nina hakika karibu yote kwamba ndicho ulichobonyeza mwezi uliopita. Swali lenyewe huwa hivi, au linafanana na hili:

```
Aboneliğinizi iptal etmek istediğinize emin misiniz?
[ Vazgeç ]   [ Evet, iptal et ]
```

Yaani: una uhakika unataka kusitisha usajili wako? Kushoto ni "nimeghairi", kulia ni "ndiyo, sitisha". Mara nyingi kile cha kukubakisha ndicho kinachong'aa kwa rangi, na cha kukutoa ni maandishi ya kijivu yasiyo na umbo la kitufe. Usifuate rangi, tafuta neno "iptal" likiwa limetanguliwa na "Evet".

Na kuna madirisha mengine yenye vitufe vya "Evet" na "Hayır" tu. Hapo unaangalia swali lilivyo. Kama ni lile la juu, Evet inakutoa. Ila wengine hugeuza, wakauliza kama unataka kuendelea kufaidi ofa. Ukiona "devam" kwenye swali, linahusu kuendelea, na hapo Evet inakubakisha.

MwalimuIlala
Samahani kwa kuingilia na mambo ya darasani, ila haya maneno tunayo. "Iptal" ni ndugu wa batili na kubatilisha. "Hesap" ni hesabu, na wao akaunti wanaiita hivyo, kwa hiyo "Hesabım" ni akaunti yangu. "Tarih" ni tarehe. "Devam" ina mzizi mmoja na daima na kudumu. Waturuki waliandika kwa herufi za Kiarabu hadi 1928, na Kiarabu kiliwaachia maneno kama kilivyotuachia sisi. Mtu wa pwani akitulia atasoma nusu ya ukurasa ule.

Ila tahadhari moja: "Hayır" inafanana na heri, na kwa asili ni neno hilohilo. Kwao leo maana yake ni hapana. Usiibonyeze ukidhani unatakiwa heri.

BintiTabata
Mwalimu, nimeisoma hii kwa sauti nikamsomea na mama, amefurahi sana. Ahsante.

MachingaKkoo
Mimi yangu ni ya Kichina, programu ya kuhariri video za bidhaa. Humo ni shida zaidi maana huwezi hata kukisia herufi. Nimetafuta kwenye mtandao nikaambiwa kusitisha ni 取消. Nabonyeza 取消 kila siku, nao wananikata kila mwezi. Nimefika mahali naamini ni wizi tu.

KakaAnkara
Kichina changu ni kidogo, ila hili nimelikuta kazini. Neno hilo moja linafanya kazi mbili. Kwenye ukurasa utaona 取消订阅, yaani kusitisha usajili, na hiyo ni sahihi kubonyeza. Likifunguka dirisha la kuuliza uhakika, utaona vitufe 取消 na 确认. Pale 取消 peke yake ni kulifunga dirisha, yaani kughairi. Kinachomaliza kazi ni 确认, kuthibitisha. Wewe umekuwa ukipiga hatua ya kwanza na kujirudisha ya pili.

Halafu programu nyingi za Kichina hazitumii neno la usajili, zinaandika 自动续费, kujirudia kwa malipo. Tafuta 关闭自动续费, kuzima kujirudia huko. Na usiguse 注销账户. Hiyo inafuta akaunti nzima, na ukishaifuta huna pa kuingilia kwenda kuzima malipo.

MachingaKkoo
Daah. Nimeingia sasa hivi, 确认 ipo kweli, upande wa kulia. Miezi mitano nimebonyeza ya kushoto. Mungu akubariki kaka.

FundiMsimbazi
Haya yote ya nini jamani. Ondoa hela yote kwenye hiyo kadi, iache sifuri. Wakija hawakuti kitu, wataacha wenyewe.

KakaAnkara
Fundi, kwa mwezi mmoja itafanya kazi, baadaye itakugeuka. Malipo yakikataliwa hawasemi basi. Mfumo unajaribu tena baada ya siku kadhaa, na tena. Siku mshahara unaingia kwenye kadi ileile, jaribio linalofuata linapita. Usajili bado uko hai kule kwao. Kuiacha tupu ni njia ya kununua muda, kwa mfano Binti akishindwa hadi tarehe 13 usiku.

KarimuUbungo
Mimi niliomba benki wanipe kadi mpya, namba mpya. Yakaisha siku hiyohiyo.

NuruMbagala
Mimi pia nilibadilisha kadi, na mwezi uliofuata wakakata kwenye mpya. Sikumpa mtu ile namba.

KarimuUbungo
Haiwezekani dada. Labda mtu wa nyumbani aliijaza.

NuruMbagala
Naishi peke yangu.

KakaAnkara
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Visa na Mastercard wana huduma inayompelekea mfanyabiashara namba mpya kadi inapobadilishwa, ili malipo ya kujirudia yasikatike. Inafanya kazi kama benki iliyotoa kadi imejiunga nayo, na kama mkataji naye anaitumia. Waulizeni benki zenu moja kwa moja: kadi ikibadilishwa, je, maagizo ya malipo ya kujirudia yanahamia kwenye mpya? Na uliza kama wanaweza kumzuia mkataji mmoja kwa jina bila kufunga kadi nzima.

BintiTabata
Mrejesho, wapendwa. Nimekaa na mama mezani, chai pembeni, tukafungua tovuti kwenye Chrome. `/en/` imekataa, inarudi Kituruki yenyewe. Nikajaribu Chrome itafsiri ukurasa, maandishi yamebadilika ila vitufe viwili vimebaki Kituruki maana ni picha, na kimoja kikaacha kubonyezeka. Nikazima tafsiri nikarudi kwenye maneno ya Kaka na Mwalimu.

Nimeingia "Hesabım", kisha "Aboneliğim". Hapo nimeona "Sonraki ödeme tarihi: 14.06", nikajua kwa neno tarihi kwamba ni tarehe fulani. Chini kabisa, kwa kijivu, "Aboneliği iptal et". Nikagusa. Wakaleta ukurasa wa sababu, nikachagua yoyote. Wakaleta mwingine wenye kitufe kikubwa cha kijani, "Aboneliği dondur". Sikukijua, nikasimama.

KakaAnkara
Umefanya vyema kusimama. Dondur ni kugandisha. Wanasimamisha mwezi mmoja au miwili, kisha makato yanarudi yenyewe. Pita, tafuta chini yake.

BintiTabata
Chini yake kulikuwa na "İptale devam et". Nimeona iptal na devam kwa pamoja nikachanganyikiwa, kwa sababu uliniambia devam ni kubaki.

KakaAnkara
Nilikurahisishia kupita kiasi, samahani. Devam ni kuendelea, na swali ni kuendelea na nini. Hapo ni "endelea na kusitisha". Gusa hiyo.

BintiTabata
Nimegusa. Lile dirisha la vitufe viwili likaja, na kweli Vazgeç ndiyo ilikuwa na rangi. Nimekumbuka kabisa kwamba ndiyo niliyobonyeza Mei. Safari hii nimegusa "Evet, iptal et". Ukurasa sasa unasema "İptal talebiniz alınmıştır". Nimepiga picha ya skrini. Nimemaliza?

KakaAnkara
Bado kidogo. "Talep" ni ombi. Sentensi hiyo inasema ombi lako la kusitisha limepokelewa, haisemi limetekelezwa. Toka, ingia upya, angalia ile mistari ya tarehe. Unachotaka kuona ni kwamba "Sonraki ödeme tarihi", tarehe ya malipo yajayo, imeondoka, na mahali pake pameandikwa "Bitiş tarihi", tarehe ya mwisho. Tarehe inaweza kubaki ileile 14.06, jina lake ndilo linalobadilika. Na ufungue barua pepe, pamoja na folda ya taka, utafute maneno "iptal edildi", yaani imesitishwa.

BintiTabata
Barua pepe ipo, lakini nayo inasema talebiniz. Kwenye akaunti bado ni "Sonraki ödeme tarihi".

KakaAnkara
Basi kuna mtu upande wa pili anayepaswa kuidhinisha, au mfumo wao unachelewa. Usisubiri kimya. Jibu barua pepe hiyohiyo, ili namba ya ombi ibaki kwenye kichwa cha habari, na uandike:

```
Merhaba,
Aboneliğimi iptal etmek istiyorum.
Lütfen otomatik yenilemeyi kapatın ve
iptali e-posta ile onaylayın.
Hesap e-postam: (barua pepe yako hapa)
```

Inasema: nataka kusitisha usajili, zimeni kujirudia kwa malipo, nithibitishieni kwa barua pepe. Usiandike namba ya kadi, hawaihitaji kwa hili. Ambatanisha picha ya skrini. Saa zao ni sawa na zetu, tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa, kwa hiyo ukituma saa tatu asubuhi nao ndiyo wanaingia ofisini. Na tarehe 14 kwao inaanza saa sita usiku kama kwetu, kwa hiyo hesabu mwisho wako ni tarehe 13.

MzeeKigamboni
Na zile tatu zilizokwisha kukatwa, hazirudi?

KakaAnkara
Mzee, ngumu. Neno la kuomba ni "iade", marejesho. Ya Mei ana hoja kidogo, kwa sababu alijaribu kusitisha, lakini hana picha ya siku hiyo. Ya Machi na Aprili ningeyasahau.

FundiMsimbazi
Mimi ningedai yote matatu. Ukurasa wa kuingia waliweka Kiingereza na wa kutoka Kituruki, hiyo ni hoja tosha ya kupeleka benki.

KakaAnkara
Kama hoja ya haki nakuunga mkono. Benki watauliza kitu kimoja: ulijaza kadi mwenyewe? Akisema ndiyo, kesi inakuwa nyembamba. Wakikata tena tarehe 14 ijapokuwa ana ombi la maandishi la tarehe 10, hapo nitakuwa upande wako kabisa, na hapo ndipo pa kujaza fomu ya malalamiko ya malipo.

BintiTabata
Nimetuma. Ya Mei nimeiomba pia kwa mstari mmoja, "Mayıs ödemesinin iadesini rica ediyorum", Mwalimu kanisaidia faragha. Nimeondoa hela kwenye kadi kama alivyosema Fundi, nimeacha elfu mbili.

BintiTabata
Tarehe 12, saa nne asubuhi. Wamejibu mistari miwili. Nimeona "iptal edildi". Nimeingia kwenye akaunti, pameandikwa "Bitiş tarihi: 14.06.". Kuhusu ya Mei hawajasema kitu. Nitarudi tarehe 15 na ujumbe wa benki, kama upo au haupo.